Nilivyomwachisha wakili wa mamangu kazi, na faili lilivyorudi

Barua ya kwanza niliyomwandikia wakili haikuwa barua, ilikuwa ni meseji ya Wotsapu, ndefu mno, nimeiandika saa tano usiku baada ya kumaliza kuongea na mamangu kwa simu analia. Nikamwambia wakili umetula pesa miaka mitano, kesi haijasonga, kuanzia leo sikutaki na kesho nakuja kuchukua faili langu. Tiki mbili za bluu. Hajajibu. Kesho yake nikaenda ofisini kwake, Mombasa mjini, ghorofa ya tatu, yule dada wa mapokezi akaniuliza kwa adabu kabisa, "Wewe ni nani kwenye hii kesi?" Nikamwambia mimi ndiye nnayelipa. Akaniambia, "Kaka, wanaolipa ni wengi, mteja ni mmoja."

Nilitoka pale nimefura, lakini nimekuja kuelewa baadaye kwamba yule dada alikuwa sawa, tena sawa kabisa. Kesi ilikuwa ya mama. Ploti ni ya mama, ameinunua Mtwapa 1998 kwa makubaliano ya karatasi, jirani akaja kujenga ukuta ndani yake, mama akamshtaki 2014 kwenye mahakama ya mazingira na ardhi. Aliyetia sahihi kumwajiri wakili ni mama. Mimi nilikuwa natuma pesa tu kwa M-Pesa. Wakili ana siri za mteja wake na hatakiwi kumpa mtu mwingine yeyote makaratasi yale, hata mtoto wa kuzaa, hata mtoto aliyelipa kila shilingi. Sasa fikiria wewe ndo mama, kisha akatokea mtoto mwingine mwenye tamaa na ile ploti akaenda akasema "mimi nalipa, nipeni faili". Ungetaka wampe?

Kwa hiyo meseji yangu haikuwa na maana yoyote. Sikuwa na uwezo wa kumwachisha kazi mtu ambaye sikumwajiri mimi.

Nirudi nyuma kidogo kwa nini tulifikia hapo, sitakaa sana. Kesi ilifailiwa 2014, mpaka 2016 ikawa inakwenda, kisha ikaganda. Kila nikipiga simu naambiwa ilikuwa ya mensheni tu, yaani kutajwa bila kusikizwa, jaji yuko likizo, korti imejaa. Wakili mwenyewe sikuwa namchukia, ni mtu mpole, alimsaidia mama vizuri mwanzoni. Nafikiri alichukua kesi nyingi kuliko uwezo wake, na kesi ya mama mmoja wa Mtwapa ikawa inaingia chini ya zile kubwa. Lakini upole haushindi kesi. April 2019 mama akasema basi, tutafute mwengine.

Rafiki yangu mmoja anafanya kazi ya ukarani kwenye ofisi ya mawakili, ofisi nyengine sio ile, ndiye alinikalisha akaniambia kitu ambacho kama ningekijua mapema ningejiokolea mwezi mzima. Alisema barua ya kumwachisha wakili usiiandike kama barua ya ugomvi, iandike ukijua itasomwa na mtu wa tatu. Huyo mtu wa tatu anaweza kuwa naibu msajili anayepima bili, anaweza kuwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, anaweza kuwa jaji. Watu hao hawataki kujua ulilia usiku. Wanataka kujua ulisema nini, lini, na alipokea lini.

Basi nikakaa na mama mezani, wiki ile ile Ramadhani inaanza, tukaiandika upya. Kwa Kiswahili, sababu mama hasomi Kiingereza na mimi nilitaka aelewe kila neno analolitilia sahihi, na Kiswahili ni lugha rasmi kwenye katiba yetu ya 2010 kwa hiyo hakuna wakili wa kusema hakuielewa. Naiweka hapa bila majina:

"Tarehe 6 Mei 2019. Kwa wakili. Kuhusu kesi nambari fulani ya 2014, Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Mombasa.

Mimi ndiye mdai katika kesi hii na ndiye mteja wako. Nakujulisha kwamba kuanzia leo nimesitisha uwakili wako katika kesi hii. Nitamteua wakili mwengine ambaye atafaili notisi ya kubadilisha wakili. Hadi notisi hiyo ifailiwe, tafadhali usikubaliane jambo lolote na upande wa pili kwa niaba yangu, na ukipokea barua au notisi yoyote kutoka mahakamani nijulishe siku hiyo hiyo kwa simu na kwa maandishi.

Naomba unirudishie faili langu ndani ya siku 14. Ndani yake naomba viwemo: makubaliano halisi ya kuuziana ya 1998, risiti 3 halisi za malipo ya ploti, ramani ya mpimaji ya 2013, barua zote ulizoandikiana na wakili wa upande wa pili, hati zote zilizofailiwa na pande zote mbili, na risiti za ada za mahakama.

Kama unanidai ada, naomba bili yenye mchanganuo wa kila kazi, tarehe yake na kiasi, pamoja na hesabu ya pesa ulizopokea kwangu au kwa niaba yangu tangu 2014.

Namruhusu mwanangu, mwenye kitambulisho nambari fulani, kupokea faili na kutia sahihi kwa niaba yangu. Kopi ya kitambulisho chake na changu ziko pamoja na barua hii."

Mama akatia sahihi. Ukurasa mmoja. Mimi nilitaka kuongeza pale "kwa sababu ya uzembe wako", rafiki yangu akaifuta kwa kalamu nyekundu. Akaniuliza, hilo neno litakurudishia karatasi gani? Mteja hahitaji kutoa sababu ya kuondoka. Kama una malalamiko yana mahali pake na siku yake, ukiyachanganya na ombi la faili yule mtu atajibu malalamiko na faili litasahaulika, mtabaki mnabishana nani mzembe mpaka mwaka uishe.

Sentensi ya "nijulishe siku hiyo hiyo" pia ilikuwa yake. Wakati ule niliona ni ya kujaza tu.

Tulipeleka kopi mbili, moja wanabaki nayo, ya pili wakaigonga muhuri wa kupokea na tarehe na yule dada wa mapokezi akatia sahihi. Pia nikaituma kwa imeli yao. Wotsapu sikuituma tena. Ile kopi yenye muhuri niliiweka kwenye plastiki kama cheti cha kuzaliwa, na kweli baadaye ndo ilifanya kazi.

Siku ya tisa, tarehe 15 Mei, likaja jibu. Kwa Kiingereza, mistari minne. Anasema amepokea maagizo yetu, anatutakia heri, na faili litatolewa baada ya kulipwa balansi ya ada yake shilingi 92,000. Mchanganuo hakuna. Hesabu ya tulizolipa hakuna.

Hapa ndo watu wengi hupandwa na hasira na mimi nilipandwa. Kumbe hii ina msingi kwenye sheria, wakili ambaye hajalipwa anayo haki ya kushikilia makaratasi ya mteja aliyonayo mkononi mpaka alipwe ada aliyoifanyia kazi. Kama vile fundi gari anavyoshika gari lako gereji. Sio wizi. Lakini ile haki inahusu ada anayodai kihalali, sio nambari yoyote itakayomjia kichwani, na ndo maana ombi la bili ni muhimu sawa na ombi la faili. Bila bili huna cha kupinga na yeye hana cha kuthibitisha, mnabaki kuangaliana.

Na kitu kingine nilichoambiwa na rafiki yangu, cha thamani kuliko vyote: hebu kwanza jiulize ndani ya lile faili ni kipi hasa ambacho yeye peke yake anacho. Maana mahakama ina faili lake yenyewe! Kila kilichofailiwa, madai, utetezi, hati za viapo, maagizo ya jaji, viko rejistri. Mwenye kesi anaweza kwenda kuomba kulisoma faili, unalipa ada ndogo, unalisoma pale pale mbele ya karani, na ukitaka kopi unalipia kwa ukurasa. Kwa hiyo wakili akikushikilia faili hajakushikilia kesi. Alichokishika kweli ni vitu halisi ulivyompa mkononi, kwetu sisi ni yale makubaliano ya 1998 na zile risiti tatu, na barua zao na upande wa pili. Ukilijua hilo presha inashuka, hukimbilii kulipa 92,000 kwa woga.

Basi Jumatatu tarehe 20 nikaenda rejistri na mama, sababu yeye ndo mwenye kesi. Karani mzee mmoja akatutolea faili. Nikaanza kufungua, na karatasi ya juu kabisa kuliko zote, ya karibuni, ni notisi ya mahakama ya tarehe 10 Mei. Inasema kesi hii haijachukuliwa hatua yoyote kwa zaidi ya mwaka, kwa hiyo mdai afike tarehe 30 Mei aeleze kwa nini isitupwe.

Siku kumi!

Nikaangalia walioandikiwa. Wakili wetu, yule yule, na wakili wa upande wa pili. Kuna kopi imegongwa muhuri wa ofisi yake, imepokelewa tarehe 13. Yaani siku mbili kabla hajatuandikia ile barua ya kudai 92,000. Na kwenye barua hakutaja hata neno.

Nimelifikiria sana hili na mpaka leo sidhani alikusudia. Nafikiri notisi ilipokelewa mapokezi, ikaingizwa kwenye faili ambalo tayari limeandikwa juu kwamba mteja ameondoka, hakuna aliyelifungua tena. Lakini mahakama haijui hayo. Hapa Kenya, Kanuni za kesi za madai za 2010, oda ya 9 kanuni ya 5, zinasema unaweza kubadilisha wakili bila ruhusa ya korti, ila mpaka notisi ya kubadilisha ifailiwe mahakamani na wahusika wapelekewe, yule wa zamani ndiye wakili wako bado. Barua yetu nzuri yenye muhuri ilikuwa imemaliza mambo baina ya mama na wakili tu. Kwa mahakama hakuna kilichobadilika hata chembe. Sisi tulikuwa tumetulia tunangojea siku 14 ziishe kisha ndo tutafute wakili mpya tukiwa na faili mkononi, na kumbe kwenye kile kipindi cha katikati mama alikuwa na wakili asiyemfanyia kazi na mahakama inayodhani anamfanyia.

Kwa hiyo mpangilio wetu wote ulikuwa kinyume. Wakili mpya anatafutwa kabla ya barua, au barua na notisi zinakwenda wiki moja. Na kama bado hujampata na huwezi kungoja, mteja mwenyewe anaweza kufaili notisi kwamba atajisimamia, ikishafailiwa notisi zote za korti zitakuja kwenye anwani yako, mpaka hapo utakapochukua wakili naye akafaili notisi yake. Lakini uwe ni mtu wa kufuatilia kweli, sio kuandika anwani ya sanduku la posta la shangazi ambalo hufunguliwa Idi mpaka Idi.

Nikalipia kopi za faili zima, tena pamoja na kurasa za mwenendo, zile ambazo jaji au msajili anaandika kwa mkono kila siku ya kesi nani amefika na nini kimesemwa. Jioni ile ile nikampigia dada mmoja wakili ambaye rafiki yangu alinipa nambari. Nikamweleza. Aliniuliza maswali mawili tu, kuna hukumu imeshatoka? Nikasema hapana. Mteja ni nani? Nikasema mama. Akasema mlete mama kesho asubuhi na kopi ya ile barua.

Kuhusu lile swali la hukumu, alinieleza baadaye. Kama hukumu ingekuwa imeshatoka, ile ruhusa ya kubadilisha wakili kwa notisi tu haipo tena, oda ya 9 kanuni ya 9 inataka ama mahakama itoe amri ama wakili wa zamani na mpya waandikiane ridhaa na waifaili. Wamefanya hivyo sababu zamani watu walikuwa wanamtumia wakili mpaka ashinde kisha wanamkimbia na ada yake. Kwa hiyo mtu ambaye amepoteza kesi na anataka kukata rufaa kwa wakili mwengine, huku siku za rufaa zinahesabika, barua yake ya kumuaga wa zamani inabidi iwe na adabu zaidi na iombe ile ridhaa waziwazi. Ukishamtukana ndo uende umwombe sahihi? Haya.

Tarehe 21 notisi ya kubadilisha wakili ikafailiwa, ukurasa mmoja tu, na kopi zikapelekwa kwa wakili wa zamani na wa upande wa pili. Kisha hati ya kiapo ya mama, ikieleza kwamba aliendelea kulipa na kuulizia, hakujua kesi imelala, ameshabadilisha wakili, na yuko tayari kesi isikizwe. Mezani pale zile meseji zangu za Wotsapu za miaka mitatu, "wakili habari, kesi imefikia wapi", zikawa ni ushahidi kwamba mama hakuiacha kesi yake. Hizo fupi za adabu. Ile ndefu ya usiku hatukuiambatanisha, wakili mpya aliisoma akacheka akasema hii ibaki kwako. Na ile kopi yenye muhuri wa tarehe 6 iliambatanishwa, ikaonyesha kwamba mama alishachukua hatua kabla hata mahakama haijatoa notisi. Tarehe 30 jaji alisikiliza dakika labda nane, akasema kesi haitupwi, tukapewa siku 60 kuiandaa kusikizwa, na gharama ya siku ile tukalipishwa sisi.

Sasa faili. Wakili mpya alisema kuna njia ambayo yeye angemwandikia wa zamani ahadi kwamba ada yake italindwa, atalipwa mwisho wa kesi, na mawakili wengi wakipata ahadi hiyo huachilia faili. Lakini akaniambia ukweli, ile ahadi ikivunjwa anayebanwa ni yeye mwenyewe, na kesi ya kupigania ploti hakuna pesa itakayopitia mkononi mwake mwishowe kama kesi ya ajali, kwa hiyo hataiandika. Nilimheshimu kwa hilo.

Tukaandika barua ya pili, ya mama tena, fupi kuliko ya kwanza. Kwamba amepokea barua ya tarehe 15, hakatai kulipa kinachostahili, anaomba mchanganuo aliouomba tarehe 6, na makubaliano yoyote ya maandishi ya ada kama yapo. Na kwamba kama hatutaelewana bili ipelekwe kwa naibu msajili ipimwe. Hili la makubaliano linabadilisha mambo, kama mlikubaliana ada kwa maandishi na ukatia sahihi basi bili haipelekwi kupimwa, ni ile mliyokubaliana. Sisi hatukuwa nayo. Ya mdomo tu, depoziti 60,000 mwanzo kisha "tutaangalia tunavyokwenda". Tukaangalia kweli.

Sikuandika "hunidai kitu" wala "hatulipi hata senti". Nilitaka sana. Lakini ukisema hulipi kabisa umemfungulia mlango wa kushika faili hadi mkutane kwa naibu msajili, na huko ni miezi.

Bili ikaja baada ya wiki mbili. Kurasa mbili. Mahudhurio ya mahakamani mara 11, kila moja na bei yake, barua, simu, kopi, usafiri. Nikaziweka mezani na zile kurasa za mwenendo nilizolipia rejistri, nikaanza kutia alama tarehe moja moja. Siku ambazo yeye au wakili mwengine aliyemshikia nafasi ameandikwa kufika zilikuwa 5. Tatu zimeandikwa hakuna aliyefika kwa mdai. Tatu hazimo kabisa, siku hizo kesi haikuitwa. Upande wa malipo, yeye ameandika amepokea 110,000, mimi nimeenda kutoa stetimenti ya M-Pesa na ya benki zinajumlika 145,000. Nikamwandikia jedwali dogo la safu tatu, tarehe, alichoandika, kilichoko kwenye rekodi, bila maneno mengine. Nikalipeleka mimi mwenyewe na mama.

Safari hii wakili alituingiza ofisini kwake, akatukalisha, akamwamkia mama "Shikamoo mama", akalisoma lile jedwali kimya. Kisha akasema, "Mama, karani wangu alichukua kutoka diari, sio kutoka kwa faili." Nikanyamaza. Mama ndiye akaongea, akamwambia, "Mwanangu, ulichonifanyia mwanzo sijakisahau, niambie haki yako ni kiasi gani nikupe." Wakashuka mpaka 40,000. Huenda kwa naibu msajili ingekuwa chini zaidi, sijui, mama alitaka faili na sio ushindi. Tukaandikiana pale pale kwamba 40,000 ni malipo ya mwisho, hakuna deni jengine, na faili litatolewa siku ya malipo.

Tarehe 18 Juni nikalipa kwa benki asubuhi, nikaenda na slipu mkononi. Sikubali kulipa leo halafu faili "njoo wiki ijayo". Yule dada wa mapokezi akanitolea folda ya kaki, akanipa daftari la kutia sahihi kwamba nimepokea faili. Nikamwambia dada, ngoja. Nikatoa ile barua ya tarehe 6 nikaanza kuhesabu kitu kimoja kimoja kwa ile orodha. Ramani ya mpimaji ipo. Barua za upande wa pili zipo, tena kuna moja ya 2017 ya kutaka tumalizane nje ya korti ambayo mama hakuwahi kuonyeshwa, hiyo iliniuma. Risiti tatu zipo. Makubaliano ya 1998, kopi.

"Halisi iko wapi?"

"Si ndio hiyo."

Hiyo ilikuwa ni fotokopi. Ya halisi ina alama ya dole gumba la muuzaji kwa wino wa zambarau, mama alikuwa ananihadithia hiyo alama tangu nikiwa mtoto. Hapo ndo nilishukuru kwamba barua iliandika "makubaliano halisi" na wao walitia muhuri bila kusema hawanayo. Kama ningekuwa nimeandika "nipe faili langu", wangenipa kile kilicho ndani ya folda na hilo lingekuwa ndilo faili. Ni vizuri zaidi kama ungekuwa na karatasi ya siku ya kwanza unayowapa vitu, inayosema wamepokea nini, halisi au kopi. Mama hakuwa nayo, 2014 aliwapa kwenye bahasha akaondoka.

Walitafuta karibu masaa mawili. Kuna noti zake wakili za ndani, za kujiandikia mwenyewe, hizo alizitoa kwenye folda akabaki nazo na sikubishana, ni zake za kazi. Karibu adhuhuri yule dada akarudi ameshika karatasi ya manjano iliyokunjika. Ilikuwa kwenye faili la mteja mwengine mwenye jina la kwanza na la pili sawa na la mama, mtu wa Likoni wa kesi ya talaka. Miaka mitano mkataba wa ploti umelala na talaka ya watu.

Nikaandika kwenye daftari lao kwa mkono wangu vitu vyote nilivyopokea, nambari moja mpaka kumi na nne, halisi zipi na kopi zipi, mimi nikatia sahihi na yeye akatia, nikaomba anitolee kopi ya ukurasa huo. Akanitolea bure.

Nikashuka ngazi nikampigia mama. Swali lake la kwanza halikuwa kesi wala wakili, aliuliza, "Lile dole bado laonekana?"